Barua ya malalamiko kwa msambazaji: ondoa matusi, bakiza madai

Swali: Habari za kazi. Tuna kikundi cha akina mama, tunafungasha asali hapa Tabora. Tarehe 4 Juni niliagiza Dar makopo 1,200 ya plastiki ya nusu kilo, maboksi 10, nikalipa 540,000 zote. Tarehe 12 yamekuja maboksi 9 na mifuniko inavuja. Tulishajaza makopo 60, duka la mjini limenirudishia 23, asali imechuruzika kwenye rafu. Nimeandika hivi, mume wangu akanizuia kutuma: "Nyie ni matapeli wakubwa. Mmetuletea takataka, hata mtoto angeona hayafai. Mifuniko yote inavuja na boksi moja mmeiba. Nimepiga simu mara mia hamshiki. Mmeniharibia jina. Rudisheni hela yangu yote kesho, la sivyo nawaweka Instagram, TRA na polisi, mtanijua mimi ni nani." Niiandikeje upya bila kuonekana mnyonge?

Jibu: Pole sana, dada. Usiitume hiyo, ila usiifute pia. Humo ndani kuna madai mawili ya haki kabisa, lakini yamezungukwa na maneno yanayompa msambazaji nafasi ya kujibu kitu kingine. Ukimwita tapeli, atakujibu kwamba yeye si tapeli, ana leseni na wateja wa miaka mingi. Hapo mtabishana juu ya tabia yake na habari ya mifuniko itasahaulika. Barua kali ni ile isiyomwachia cha kujibu isipokuwa kile unachodai.

Chukua rasimu yako na kalamu, pitia sentensi moja moja, na kwa kila moja jiulize: naweza kumwonyesha mtu karatasi, picha au kopo linalothibitisha hili? Kama unaweza, sentensi inabaki. Kama huwezi, inatoka, hata iwe kweli moyoni mwako.

"Matapeli wakubwa" na "hata mtoto angeona" zinatoka zote, maana hakuna karatasi inayothibitisha nia ya mtu.

"Mifuniko yote inavuja" ndiyo sentensi ya hatari kuliko zote, na haina tusi hata moja. Hatari yake ni neno "yote". Duka limekurudishia makopo 23 kati ya 60, maana yake yapo ambayo huenda hayakuvuja. Msambazaji akifungua sampuli tatu stoo kwake akakuta zinaziba vizuri, barua yako nzima itaonekana imetiwa chumvi. Kabla ya kuandika chochote, fanya jaribio. Ni kazi ya asubuhi moja.

Chukua makopo 10 kutoka kila boksi, ambayo hayajawahi kujazwa. Yaandike namba ya boksi kwa maka peni. Yajaze maji ya kawaida, si ya moto, funga mifuniko kwa mkono mpaka ikaze, kisha yalaze juu ya magazeti makavu kwa saa 2. Gazeti lililolowa litakuonyesha kopo lipi limevuja. Piga picha kila kundi likiwa na namba ya boksi mbele yake, na andika hesabu kwenye daftari. Maji ni mepesi kuliko asali, kwa hiyo kopo linalozuia maji litazuia na asali. Kinyume chake si lazima kiwe kweli, na msambazaji mjanja atakwambia hivyo hivyo. Kwa hiyo jaza asali makopo mawili matatu kati ya yale yaliyovuja maji, yalaze usiku kucha, uone. Sasa unayo majibu ya hoja zote mbili.

Maji yawe ya baridi kwa sababu utetezi wa kwanza utakaousikia ni huu: "Mlijaza asali ya moto." Makopo mengi ya asali ni ya plastiki ya PET, yale yenye namba 1 kwenye pembetatu chini ya kitako. Plastiki hiyo hulegea ikijazwa kitu cha moto sana, na mdomo wa kopo ukipinda hata kidogo, mfuniko hauzibi tena. Utetezi wa pili ni "hamkukaza." Ndiyo maana barua itataja maji ya baridi na kufunga kwa mkono. Maneno hayo machache yanazima hoja zake kabla hajazitoa.

Ukishajua maboksi yanayovuja, linganisha mifuniko yake na ya maboksi mazuri. Angalia kile kiduara laini kilichobanwa ndani ya mfuniko, kama kipo au hakipo. Pitisha kidole kwenye mdomo wa kopo usikie kama kuna ncha iliyobaki wakati wa kuumbwa. Zungusha mfuniko uone kama unakamata meno ya kopo sawasawa au unateleza mwishoni. Ukiweza kuandika kwamba mifuniko ya maboksi fulani haina kile kiduara na ya mengine inacho, umemwonyesha chanzo, na dawa yake inakuwa rahisi: hahitaji kubadilisha makopo, anahitaji kutuma mifuniko.

Sasa njoo kwenye "boksi moja mmeiba." Tafuta risiti ya kifurushi uliyopewa ulipochukua mzigo kwenye ofisi ya basi. Kama imeandikwa maboksi 9, msambazaji alikabidhi 9, na deni ni lake. Kama imeandikwa 10, boksi lilipotea mikononi mwa msafirishaji, na barua ya boksi hilo inaelekea kwenye ofisi ya basi. Kwa kawaida ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, muuzaji akikabidhi mzigo kwa msafirishaji huhesabiwa amekukabidhi wewe, isipokuwa mlikubaliana vingine, kwa mfano bei ilikuwa ya kufikishiwa Tabora. Kwa hiyo soma tena profoma au ujumbe mliokubaliana. Ungemwita mwizi mtu ambaye pengine alituma maboksi yote 10, ungepoteza hata dai la mifuniko ambalo ni halali.

"Nimepiga simu mara mia" igeuze iwe kumbukumbu. Fungua orodha ya simu ulizopiga, andika tarehe na saa ya kila moja, na upige picha ya skrini. Simu mbili zenye saa zina uzito kuliko mia za hasira.

"Mmeniharibia jina" ina ukweli ndani yake, yaani yale makopo 23. Hasara hiyo inadaiwa, lakini kwa hesabu yake: asali iliyomwagika na haiwezi kuuzwa, nauli ya kurudisha makopo, fedha uliyolirudishia duka. Asali uliyoweza kuikamua na kuifungasha upya si hasara, usiiweke. Kwa kuwa hesabu hiyo haijakamilika, isiicheleweshe barua hii. Weka sentensi moja tu inayosema dai hilo linakuja, ili asije akadai baadaye kwamba mlishamalizana.

"Hela yangu yote" ndipo wengi wanapojipunguzia nguvu. Mmeshajaza na kuuza sehemu ya mzigo. Ukishatumia sehemu ya bidhaa, haki ya kuukataa mzigo wote hudhoofika, lakini haki ya kudai fidia ya sehemu mbovu inabaki. Jambo hilo hilo linakupa kazi ya haraka: kuanzia leo msijaze tena makopo ya maboksi mabovu, na mjulishe muuzaji mapema. Mnunuzi anayekaa na mzigo muda mrefu bila kusema neno huhesabiwa ameukubali. Yale mabovu yawekeni pembeni, safi na makavu, ayakute yalivyo akija kuyakagua au akituma mtu.

Ukali wa barua yenyewe unakaa kwenye muda na matokeo. "Kesho" haitekelezeki. Mzigo kutoka Dar mpaka Tabora unahitaji siku ya kuandaliwa na siku ya njiani, na hata mtu mwenye nia njema hawezi. Mtu akipewa muda usiowezekana hauhesabu kuwa muda, anauacha upite. Toa tarehe mbili: ya kwanza ya karibu, ya kujibu tu kwa maandishi, ya pili ya mzigo kufika. Kujibu hakuhitaji stoo wala lori, kwa hiyo akikaa kimya ikapita tarehe ya kwanza, utajua mapema unashughulika na mtu wa namna gani.

Vitisho vyako vitatu vyote vitoke. Polisi hawatapokea kesi ya mifuniko inayovuja kama wizi. TRA hawahusiki na ubora wa makopo. Kama hukupewa risiti ya EFD, idai, ni haki yako, lakini idai peke yake. Kusema "nilipe la sivyo nakupeleka TRA" kunakufanya uonekane unamtisha mtu ili akupe fedha. Na Instagram ukiandika "matapeli" ukashindwa kuthibitisha, wewe ndiye utakayekuwa na maelezo ya kutoa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina vifungu vya taarifa za uongo na unyanyasaji wa mtandaoni. Badala ya kitisho, andika hatua moja ambayo uko tayari kuichukua kweli siku hiyo ikifika: kudai fedha ya sehemu mbovu, kwa kiasi kilichoandikwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Shilingi 540,000 kwa makopo 1,200 ni shilingi 450 kila kopo. Boksi lina makopo 120, yaani 54,000. Tuseme risiti ya basi inasema 9, na jaribio limeonyesha maboksi 4 mabovu na 5 mazima. Maboksi 4 ni makopo 480, sawa na 216,000. Ongeza boksi ambalo halikutumwa, inakuwa 270,000. Weka namba zako halisi kulingana na majibu utakayopata, kisha barua iwe hivi:

Jina la kikundi,
S.L.P. …, Tabora.
17 Juni

Meneja Mauzo,
Jina la kampuni,
S.L.P. …, Dar es Salaam.

YAH: UPUNGUFU WA BOKSI 1 NA MIFUNIKO INAYOVUJA, ANKARA NA. … YA TAREHE 4 JUNI

Tarehe 4 Juni tulinunua kwenu makopo 1,200 ya nusu kilo, maboksi 10, kwa shilingi 540,000, tukalipa zote siku hiyo. Mzigo tuliupokea Tabora tarehe 12 Juni. Tumekuta kasoro mbili.

Kwanza, tumepokea maboksi 9. Risiti ya kifurushi ya basi inaonyesha yalikabidhiwa maboksi 9. Makopo 120 yenye thamani ya shilingi 54,000 hayajatufikia.

Pili, mifuniko ya maboksi 4 haizibi. Tarehe 16 Juni tulichukua makopo 10 mapya kutoka kila boksi, tukayajaza maji ya baridi, tukayafunga kwa mkono na kuyalaza kwa saa 2. Katika maboksi 5 hakuna kopo lililovuja. Katika maboksi 4, yaani namba 2, 3, 6 na 9, makopo 33 kati ya 40 yalivuja. Mifuniko ya maboksi hayo haina kiduara laini cha ndani. Ya maboksi mengine inacho. Tulipiga simu kwa afisa mauzo wenu tarehe 13 Juni saa 4:10 asubuhi na tarehe 14 Juni saa 9:30 alasiri bila kupokelewa.

Makopo yaliyobaki ya maboksi hayo 4 tumeacha kuyatumia na tumeyahifadhi. Mnaweza kuja kuyakagua siku yoyote ya kazi.

Tunahitaji mtutumie, kwa gharama yenu, mifuniko 480 inayoziba na boksi 1 la makopo 120 pamoja na mifuniko yake, vifike Tabora si zaidi ya tarehe 26 Juni. Tunahitaji pia uthibitisho wenu wa maandishi kabla ya saa 10 jioni, tarehe 19 Juni.

Mzigo huo usipofika kufikia tarehe 26 Juni, tutadai turudishiwe shilingi 270,000: shilingi 216,000 za makopo 480 na shilingi 54,000 za makopo 120. Hasara ya makopo 23 yaliyorudishwa na duka tutaiwasilisha kwa hesabu yake. Barua hii haiiondoi.

Tumeambatanisha ankara, uthibitisho wa malipo, risiti ya kifurushi, picha 9 za jaribio na kumbukumbu ya simu.

Jina, cheo, saini, namba ya simu.

Angalia kwamba hakuna sifa hata moja humo, nzuri wala mbaya. Hakuna "kwa masikitiko makubwa", hakuna "takataka". Nimeiondoa pia ile "husika na kichwa cha habari hapo juu", kwa sababu kichwa cha barua chenyewe kina namba ya ankara, na mhasibu wao ataifungua bila kusoma zaidi. Picha ni 9 kwa sababu maboksi ni 9: piga na yale mazima, maana hayo ndiyo yanayothibitisha kwamba hukuchagua mabovu tu.

Hofu yako ya kuonekana mnyonge ina msingi, kwa sababu mtu akishatoa matusi mara nyingi huvuka kwenda upande wa pili. Anaanza na "samahani kwa usumbufu", anaendelea na "tunaomba kama itawezekana mtufikirie", na anafunga na "tutashukuru sana". Wewe hukumsumbua mtu, ulilipa fedha taslimu. Andika "tunahitaji" kwenye dai, na "mnaweza" pale unapompa nafasi ya kukagua. Salamu ya heshima mwanzoni mwa ujumbe wa WhatsApp haikupunguzii kitu, iweke. Kinachokupunguzia ni kuomba kile ambacho ni haki yako.

Usitumie ujumbe wa sauti. Hasira hukaa kwenye sauti hata maneno yakiwa safi, na sauti haiwezi kugongwa mhuri wala kupelekwa mezani kwa mkurugenzi. Barua iwe PDF yenye saini, itumwe kwenye namba mliyofanyia biashara na kwenye barua pepe iliyo kwenye ankara, yote siku moja. Juu yake andika mstari mmoja: "Salaam. Nimeambatanisha barua kuhusu ankara namba fulani, tunahitaji jibu la maandishi kabla ya tarehe 19 Juni saa 10 jioni." Usiwape nakala watu kumi. Afisa mauzo na meneja wake wanatosha, kwa sababu afisa akiona meneja ameshaisoma hana pa kuificha.

Baada ya hapo jiandae kwa simu. Mara nyingi atapiga badala ya kuandika, atakuwa mpole, na atasema "tutalifanyia kazi." Ongea naye kwa upole vilevile, usirudie historia nzima, uliza mambo mawili tu: mifuniko inatoka lini, na boksi linatoka lini. Mkishamaliza, ndani ya dakika chache mwandikie: "Kama tulivyoongea leo saa 5 asubuhi, mmekubali kutuma mifuniko 480 na boksi 1 kwa basi la tarehe 23 Juni, nauli yenu. Kama nimekosea popote, nijulishe leo." Akinyamaza, umebaki na maandishi.

Akikupa ofa ya kukupunguzia bei kwenye oda ijayo, fikiri kabla ya kukubali. Punguzo hilo linakulazimisha kununua tena kwa mtu ambaye bado hajarekebisha oda ya kwanza, na maboksi 4 yatabaki kwako hayana kazi. Ningekubali tu kama mifuniko imeshafika na punguzo ni la kufidia yale makopo 23, tena liandikwe kwa kiasi cha shilingi na tarehe ya kuisha.

Tarehe 26 ikipita kavu, barua ya pili iwe fupi kuliko ya kwanza: rejea tarehe ya barua ya kwanza, taja kwamba mzigo haukufika, dai 270,000 kwa tarehe moja, na uambatanishe barua ya kwanza yote. Usiongeze kosa jipya wala neno jipya la kumweleza yeye ni mtu wa namna gani. Muda wa kufungua shauri la mkataba kisheria ni miaka 6, kwa hiyo hulazimiki kukimbilia mahakamani wiki hiyo hiyo, ila makopo ya jaribio, daftari na magazeti yaliyolowa usiyatupe.